Hadithi ya Abee: jina jipya bwenini na kile kilichochukuliwa

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni kijana wa miaka 24, nauza duka la vifaa vya shule hapa Moshi mjini. Nimeandika hadithi fupi ya kurasa 14, nimeiambatanisha. Inamhusu Elirehema, mtoto wa Same aliyelelewa na bibi yake na mama zake wadogo, anayekuja kuanza kidato cha kwanza kwenye shule ya bweni ya wavulana huku Moshi, mwaka 1988. Jioni ya kwanza, majina yanapoitwa bwaloni, anaitika "Abee!" kama msichana. Bwalo zima linacheka, na tangu hapo shule nzima inamwita Abee. Analia, anateseka, na mwishowe mkuu wa shule anawachapa waliomcheka na kutangaza paredini kwamba kila mtu aitwe kwa jina lake. Kisa nilisimuliwa na mjomba, ila nimekibadilisha sana.

Nimewapa watu watatu wasome. Wote wamesema ni nzuri, lakini baada ya wiki hakuna aliyekumbuka kitu isipokuwa kicheko cha bwaloni. Mmoja akaniuliza, "Kwani kuitwa jina la utani kuna ubaya gani? Sisi wote tuliitwa." Nikakosa jibu. Nikaongeza ukurasa mzima wa mateso, ndiyo ikazidi kuharibika. Hadithi haina kitu, Mwalimu, au kipo na mimi sijakiona?

Mwandishi mchanga, Majengo, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Kitu kipo, tena umekiandika kwa mkono wako ukurasa wa 3 halafu ukakipita. Umeandika hivi: "Bibi alikuwa akimwita hata mara kumi kwa siku, naye aliitika kila mara, hata akiwa juu ya mti." Sentensi hiyo umeitumia kuonyesha kwamba mtoto ana heshima. Mimi nimeisoma nikasimama, kwa sababu inamjibu rafiki yako aliyeuliza ubaya uko wapi.

Chukua majina ya utani ya kawaida ya bweni. Mtoto anashuka kwenye basi na ndoo nyekundu, anaitwa Ndoo. Anatoka Tabora, anaitwa Tabora. Ana miguu mirefu, anapewa jina la ndege. Majina haya yanabandikwa kwa nje, na mtoto akifika nyumbani likizo anayaacha getini. Rafiki yako yuko sahihi, wengi waliitwa hivyo na wakakua salama. Elirehema yeye ametendewa jambo la namna nyingine. Wenzake wamechukua sauti aliyokuwa akimwitikia bibi yake, wakaifanya ndiyo jina lake. Tangu jioni ile, kila akitaka kumwitikia bibi kama alivyozoea atakuwa anajitaja kwa jina la kuchekwa. Hilo ndilo pigo, na halikuhitaji ngumi wala machozi. Ndiyo maana ukurasa ule wa mateso ulikuharibia. Kumwagiwa maji usiku, kufulishwa nguo za wakubwa, kunyang'anywa sukari, yote hayo angeweza kutendewa njuka yeyote wa shule yoyote. Msomaji anayapita kwa sababu anayajua tayari, na kila moja linamtoa kwenye lile ambalo ni la mtoto huyu peke yake.

Kwa hiyo hadithi yako inahusu kuitika. Ukikubali hilo, mengine karibu yote yanajipanga, na nitakuonyesha namna gani. Lakini kwanza kuna shimo ambalo msomaji makini ataliona kabla ya mengine yote.

Elirehema amesoma shule ya msingi miaka saba. Kwa nini hakuchekwa huko? Kama tangu darasa la kwanza alikuwa akiitika "Abee" mbele ya wavulana wenzake, wangeshamnyoosha kabla hajamaliza darasa la pili, na angefika Moshi akiitika "Naam" kama wenzake. Rasimu yako haina jibu, na bila jibu tukio la bwaloni linaonekana limepangwa na mwandishi. Unahitaji sababu inayofanya neno la nyumbani limtoke mahali pasipo nyumbani, na limtoke mara hiyo moja tu.

Vifaa unavyo. Shule ya msingi watoto wakiitwa kwenye daftari la mahudhurio hujibu "Nipo", na mwalimu wake wa Same anaweza kuwa alizoea kumwita kwa jina la ukoo. Jina lake la kwanza lilikuwa linaitwa nyumbani tu, na wanawake. Sasa angalia bwaloni. Umemweka mwalimu wa zamu mwanamume mwenye ukali. Mbadilishe awe mama mtu mzima. Umeweka jioni, isogeze mpaka giza likianza kuingia, saa ambayo nyumbani bibi humwita aingize mbuzi. Umeme hafifu. Mwalimu anasoma orodha iliyopigwa taipu, wino umefifia. Kila mtoto anaitwa majina yake matatu kwa pamoja, kisha anajibu "Nipo". Likija la kwake, mwalimu anasoma la kwanza, "Elirehema", kisha anasita, anainua karatasi kuitafutia mwanga asome la pili. Katika kusita kule ndimo mtoto anamoitika. Amechoka na safari, sauti ni ya mama, jina limeitwa peke yake kama linavyoitwa nyumbani. Linamtoka kabla hajajua liko njiani.

Ukiandika hivyo huhitaji ile aya yako inayoeleza kwamba wavulana husema "Naam" na wasichana "Abee" na kwa hiyo walimwona kama msichana. Ifute. Kila anayesoma Kiswahili hapa Tanzania amelijua hilo tangu utotoni, na ukimweleza utakuwa umemzuia asicheke pamoja na bwalo. Mwache acheke. Msomaji akicheka halafu mbele akaja kuona alichokichekea, hatakusahau.

Lakini usieleze kicheko kirefu. Mistari miwili inatosha, kisha mwalimu anapata jina la pili, anamaliza, na orodha inaendelea. Hapa naona umekosea jambo ambalo waandishi wengi wa visa vya shule hulikosea: umeandika "tangu hapo wanafunzi wote wakaanza kumwita Abee." Jina haliingii hivyo, hakuna kikao kinachokaa kulipitisha. Kuna mmoja mwenye nafasi ya kusema akasikika, analisema mara ya kwanza. Kuna wa pili anayelirudia kwa sababu anataka kuonekana yuko upande wa yule wa kwanza. Na bado hapo ni mzaha tu, unaweza kufa usiku ule ule. Mzaha unakuwa jina siku mtu anapoutumia akiwa hana nia ya kuchekesha, akiwa na shida zake.

Andika tukio hilo. Ni asubuhi ya pili, alfajiri, bomba linatoa maji kidogo, foleni ndefu. Mvulana wa kidato cha pili amechelewa, anataka kunawa kabla ya kengele. Hana hamu ya kumtania mtu.

"Abee, ndoo yako ina maji?"

"Yamefika nusu."

"Nigawie kidogo."

Akamgawia.

Basi, usiongeze neno. Katika rasimu yako Elirehema anakataa, anasema "Mimi siitwi Abee," na wakubwa wanamzonga. Mtoto wa miaka 14 aliyefika jana hafanyi hivyo, na hata angefanya, ungepoteza jambo kubwa kuliko zogo. Hapa amejibu swali la maji. Jina limepita katikati ya maneno, naye hakulizuia kwa sababu akili yake ilikuwa kwenye ndoo. Ameshalipokea kabla hajaamua. Msomaji ataona, na Elirehema ataona baadaye kidogo, labda akiwa anavaa viatu. Mpe sentensi moja ya kuona hivyo, isizidi.

Kati ya bwaloni na bombani kuna usiku, na usiku huo ndio ninaoutaka uwe moyo wa hadithi. Kwa sasa umeupa mistari minne: alilala akilia, akamkumbuka bibi, akapitiwa na usingizi. Upe kurasa mbili, na uuandike bila kumtaja kwa jina lolote. Si Elirehema, si Abee, wala si "kijana huyo." Kiswahili kinakuruhusu. Kitenzi chetu kinambeba mtendaji ndani yake, na ukishamweka mtu mmoja chumbani unaweza kwenda naye mbali bila kumwita:

"Akapanda kitanda cha juu. Akavua viatu, akavifunga kamba kimoja kwa kingine, akaviweka chini ya mto kama alivyoagizwa. Godoro lilinuka nailoni ya dukani. Chini yake mtu akajigeuza, kitanda kizima kikayumba. Akashika nondo ya pembeni. Akasubiri kiyumbe tena. Hakikuyumba. Akahesabu vitanda vya upande wa dirishani kwa kusikiliza pumzi."

Msomaji hatajua kwa nini anahisi baridi. Mwenye jina lake la kwanza amebaki upande mmoja wa usiku, na mwenye jina la pili hajafika. Katikati kuna mtu anayefanya mambo madogo gizani. Ukimtaja hata mara moja humo ndani, umeharibu kazi yote, kwa hiyo ukimaliza pitia kila mstari ukitafuta jina. Jihadhari na jambo moja: kukiwa na watu wawili wa nafsi ya tatu kwenye sentensi moja, "aka-" haitamjulisha msomaji ni yupi. Ndiyo sababu nimemwita aliye chini "mtu" na kumpa tendo moja tu. Usimpe mazungumzo usiku huo, na usilete kiranja na tochi.

Swali linalofuata ni msimulizi wako amwite nani kuanzia asubuhi. Hili usiliache lijiamulie. Kwa sasa unachanganya, ukurasa wa 8 msimulizi anasema Elirehema, wa 9 anasema Abee, wa 10 anarudi. Msomaji anadhani umesahau. Unaweza kubaki na Elirehema kwenye usimulizi mpaka mwisho huku kila anayesema humo akisema Abee. Hapo msimulizi anakuwa mtu pekee shuleni anayemjua. Au unaweza kuhama naye: baada ya tukio la bombani msimulizi anasema Abee, moja kwa moja, bila alama za kunukuu na bila kuomba radhi. Mimi ningehama. Ukibaki na jina la kwanza unamhakikishia msomaji kwamba mtoto yuko salama, kuna mtu amemtunzia. Ukihama, msomaji naye anajikuta ameshamwita Abee kichwani mwake kwa kurasa tatu, kama alivyofanya yule wa kidato cha pili aliyetaka maji, bila ubaya wowote moyoni.

Kuhusu huyo wa kidato cha pili. Umemchora ni mtu mkatili tu, ana macho mekundu na sauti ya kutisha. Mwaka mmoja kabla naye alikuwa njuka. Mpe jina lake la bweni, tuseme Kigoma, kwa sababu alitoka huko kwa treni na alifika wiki moja baada ya wenzake. Kisha, katikati ya hadithi, mfanye Abee aagizwe kugawa madaftari ya kidato cha pili kutoka ofisini. Anaita jina lililoandikwa kwenye jalada, anaita tena, hakuna anayeinuka. Mwishowe mmoja anasema, "Aa, huyo si Kigoma?" na Kigoma mwenyewe anakuja kulichukua akiwa hana habari. Aya moja. Hapo umeonyesha Abee atakavyokuwa mwakani, na hukumsingizia mtu ukatili ambao hana.

Nimefurahi kwamba hukumfanya aitwe "Mpare." Lingekuja kirahisi, Mpare kati ya Wachaga, na utani wa makabila haya mawili unajulikana. Ila jina lile lingekuwa la watu wengi, na hadithi ingegeuka kuwa ya Upare na Uchagani. Umefanya vizuri kuliacha.

Mambo mawili ya haraka kabla sijafika mwisho wa hadithi. Ukurasa wa 6 mama mdogo anampigia simu patroni, naye anatoa simu mfukoni. Mwaka 1988 hapa nchini hapakuwa na simu ya mkononi. Habari ya nyumbani ilikuja kwa barua iliyoandikwa sanduku la posta la shule, na ilichukua muda. Kwa faida yako, hilo ni zuri, maana linamfanya mtoto asiisikie sauti ya bibi muhula mzima. Usimpe hata mgeni wa siku ya kutembelewa. Ukimya huo utauhitaji.

La pili ni mlima. Umeanza na kurasa mbili za Kilimanjaro ikionekana kutoka dirishani mwa basi tangu Mwanga mpaka Njia Panda ya Himo. Umeandika vizuri, lakini anasafiri mchana, na mchana mara nyingi Kibo huwa imejifunika mawingu. Anayekaa Moshi analijua hilo, na wewe unakaa hapo. Mwache aje asione kitu zaidi ya wingu jeupe ambalo abiria mwenzake anamwambia nyuma yake kuna mlima. Atauona kesho yake asubuhi kwenye mchakamchaka, hewa ikiwa safi, mkubwa kuliko alivyodhani, na atakapouona atakuwa tayari anaitwa Abee. Sentensi mbili za kuuona hapo zitafanya kazi kuliko kurasa mbili za mwanzo. Usilifafanue.

Sasa mkuu wa shule na fimbo yake. Mwondoe. Najua kwa nini umemleta, ulimhurumia mtoto ukataka atendewe haki, na moyo huo nauheshimu. Lakini amri ya paredini haiwezi kurudisha kilichochukuliwa. Hata shule nzima ikianza kesho kusema Elirehema, bado mtoto hawezi tena kutamka "Abee" kama alivyotamka. Mkuu wa shule anarekebisha jina, na shida yako imeshahama kutoka kwenye jina. Pia kuna ukweli wa bweni: mtoto aliyetajwa paredini kwa ajili ya jina lake la utani ameandikiwa jina hilo kwa miaka minne iliyobaki.

Mwisho wako uko Same. Mrudishe nyumbani likizo ya kwanza. Basi, vumbi, mkonge, kijia cha kwenda nyumbani. Anafika mchana, bibi yuko jikoni uani, hajamwona. Mama mdogo aliyeko barazani anapaza sauti kwamba kijana amefika. Bibi anaita kutoka ndani kama alivyoita siku zote:

"Elirehema!"

"Naam."

Nyumba hiyo, kama ulivyoipanga mwenyewe, haina mwanamume. Umesema ukurasa wa 2 babu alishafariki na baba yuko mbali. Kwa hiyo bibi anatoka na mwiko mkononi kuja kuangalia ni mwanamume gani aliyeitika uani kwake. Sauti ya mtoto nayo imeanza kuvunjika, ana miaka 14, huhitaji kusema. Bibi jua linampiga machoni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, Bibi."

"Mimi nani?"

Umeona amefikishwa wapi? Miezi yote hiyo watu wamemwita wao. Hapa kwa mara ya kwanza anatakiwa ajitaje mwenyewe, mbele ya mtu pekee asiyejua kilichotokea, na asiye na kosa. Atajitaja kwa jina lipi, utaamua wewe. Mimi ninaelekea kwenye kumwacha aseme "Elirehema" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma jina kwenye daftari, na bibi acheke na kumkumbatia kwa furaha ya kuona amekua. Bibi anafurahi kweli. Anawaita majirani waje wasikie mjukuu wake anavyoitika kiume. Msomaji peke yake ndiye anayejua wamepoteza nini wawili hao. Lakini kama unaona bibi wako ni mtu wa kutambua, ana haki ya kunyamaza. Chagua kwa kumjua bibi. Usichague kwa kutafuta machozi.

Ili mwisho huo usimame, msomaji lazima awe ameisikia "Abee" ya nyumbani kabla ya ile ya bwaloni, na aisikie bila kugundua. Iweke mara mbili. Mara ya kwanza katikati ya shughuli: bibi anaita aje ashike kamba ya tranka, anaitika, anaenda, kazi inaendelea. Mara ya pili basi likiwa linaondoka, bibi amekumbuka kitu, anaita, naye anaitikia dirishani huku kondakta akipiga bati. Mara tatu ni nyingi, utakuwa unanyooshea kidole. Kujua kama umepima sawa, mpe mtu asiyekuwa amesoma rasimu ya kwanza, kisha muulize ni ukurasa gani alihisi kwamba mtoto ataitwa Abee. Akitaja ukurasa wowote kabla ya bwalo, punguza. Akisema mwisho alishangaa kwa nini bibi alitoka nje, basi hukuonyesha vya kutosha kwamba nyumba haina mwanamume, ongeza hapo, kwa mfano jirani anayeitwa kuja kuchinja kuku. Rafiki yako yule aliyeuliza ubaya uko wapi ndiye msomaji wako bora. Mpe tena, usimweleze chochote.

Ukikata mlima, simu, mateso, maelezo na fimbo, kurasa 14 zitashuka mpaka kama 6. Kurasa 2 za usiku, moja ya bombani na madaftari, na moja au moja na nusu ya Same zitakurudisha kwenye 10. Usijaze zaidi. Anza na usiku, maana ukiuweza huo mengine utayaweza, na uuandike kwa mkono kwanza kabla ya kuupiga chapa. Kasi ya mkono inasaidia kwenye mambo madogo kama kufunga kamba za viatu. Mjomba wako aliyekusimulia kisa, muulize pia vitanda vilipangwaje, walipewa chakula gani siku ya kufika, na mwalimu wa zamu alikaa wapi akiita majina. Jina la mtoto wa kweli usilitumie, wala la shule.

Nitumie rasimu ya pili ikiwa tayari. Nitaanza kuisoma kwenye ukurasa wa usiku.